Mwangaza wa skrini si mwangaza wa picha

Picha iliyomo kwenye simu ina mwangaza wa aina mbili, na wengi wetu huuona kama mmoja. Wa kwanza umeandikwa ndani ya faili: kila pikseli ina nambari kati ya 0 na 255 kwa rangi nyekundu, kijani na buluu, 0 ikiwa giza tupu na 255 ikiwa weupe wa mwisho. Wa pili ni taa ya skrini yenyewe, ile unayoipandisha na kuishusha kwa kidole. Unapohariri, unabadilisha zile nambari. Unapovuta kitelezi cha mwangaza wa simu, nambari zinabaki vilevile. Tatizo ni kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha hizo mbili. Linaona matokeo yake tu.

Kama una shaka, fungua picha ya kawaida, piga skrinishoti mwangaza ukiwa juu kabisa, kisha nyingine ukiwa chini kabisa. Ukizitazama baadaye kwa mwangaza mmoja, hazitofautiani. Taa ya skrini haisafiri na picha. Haiendi kwa unayemtumia, wala haiendi studio unakoprinti.

Karatasi nayo haina taa. Hung'aa kwa mwanga unaoiangukia. Mwanga unaoangukia kitu hupimwa kwa luksi, na nuru inayotoka kwenye kitu hupimwa kwa niti. Dukani penye taa za kutosha, kama luksi 300, karatasi nyeupe hurudisha mwanga wa takriban niti 85. Sebuleni usiku, penye luksi 100 hivi, hurudisha niti kama 30. Simu nyingi za sasa, mwangaza ukiwa juu, hufika niti 400 au zaidi. Kiwango cha rangi cha sRGB, ambacho picha nyingi hufuata, kiliandikwa kwa kufikiria skrini ya niti 80. Kwa hiyo anayehariri simu ikiwa imewaka yote anatazama picha yenye nuru mara kadhaa kuliko karatasi itakavyoweza kuonyesha, na hapo ndipo picha iliyopendeza kwenye simu inapotoka studio ikiwa na giza.

Tuchukue picha ambayo Mombasa hupigwa kila wiki ya harusi: bwana amevaa kanzu nyeupe, bibi amevaa buibui jeusi, wamesimama mbele ya mlango wa nakshi Mji wa Kale saa kumi na moja jioni. Kichochoro kina kivuli, kwa hiyo picha imetoka giza kidogo. Anayeihariri yuko nyumbani usiku, taa moja imewaka, na simu ameiweka mwangaza wa juu. Machoni pake kanzu inawaka hata inaumiza, basi anaishusha. Mikunjo ya buibui anaiona yote vizuri, na uzi wa darizi kwenye mkono wa buibui anauona pia, basi kitelezi cha kivuli, kile kinachopandisha nuru ya sehemu za giza, hakigusi. Anaridhika, anapeleka kuprinti.

Kwenye karatasi, kanzu imekuwa ya kijivu kama iliyofuliwa na nguo za rangi. Buibui limekuwa bonge moja jeusi lisilo na mkono wala mkunjo. Mikunjo ile ilikuwamo kwenye faili, lakini kwa nambari za chini sana, kama 10 na 20, na ilionekana tu kwa sababu taa ya skrini ilikuwa kali. Hata karatasi nzuri ya kung'aa, weupe wake ni kama mara mia moja tu ya weusi wake, na karatasi isiyong'aa haifiki hapo. Skrini ya simu hupita kiasi hicho kwa mbali, na zile nambari za chini ndizo za kwanza kupotea.

Kosa hili lilikuwa likionekana kabla ya kuprinti, mradi mtu angetazama histogramu, ule mchoro wa vilima ambao Lightroom na programu nyingine za kuhariri huuonyesha. Kushoto ni giza, kulia ni weupe. Histogramu husoma nambari za faili, haijui kitelezi cha simu kiko wapi. Katika picha yetu kilima kingekuwa kimejibana ukuta wa kushoto, na theluthi ya kulia ikawa tupu. Kilima cha kushoto peke yake si kosa, kwa sababu buibui kweli ni jeusi na limechukua nafasi kubwa. Dalili ni ule utupu wa kulia: picha ina kanzu nyeupe, lakini hakuna pikseli hata moja iliyokaribia weupe. Kanzu ikiwa sawa, kilima chake hukaa karibu na ukuta wa kulia bila kuugusa. Kikijibana ukutani, mikunjo ya kanzu na nakshi ya shingoni imeungua, na hakuna studio itakayoirudisha. Jihadhari tu na picha yenye kipande cha mbingu au taa ndani yake, maana upande wa kulia utajazwa na hiyo mbingu huku kanzu ikiwa bado ya kijivu.

Dawa yenyewe inaanza kabla ya kufungua programu. Zima mwangaza unaojirekebisha, kwa sababu simu ina kihisi kinachopima mwanga wa mahali ulipo na kubadilisha skrini bila kukuuliza. Ukisogea dirishani katikati ya kazi, picha inakuwa nyingine. Kwenye Android nyingi utaikuta `Settings > Display > Adaptive brightness`. Kwenye iPhone imefichwa ndani zaidi: `Settings > Accessibility > Display & Text Size > Auto-Brightness`. Zima pia kinga ya macho ya usiku inayotia skrini umanjano, na ile hali ya kuokoa betri, kwani mara nyingi hupunguza taa. Kama simu ni Samsung yenye chaguo la `Screen mode`, weka `Natural` badala ya `Vivid`, la sivyo hina na zari zitaonekana kukolea kuliko zilivyo.

Kisha pima kwa karatasi. Kaa kivulini karibu na dirisha, jua lisikuangukie. Shika karatasi nyeupe ya A4 kando ya simu, na kwenye simu fungua ukurasa mtupu mweupe. Vuta kitelezi mpaka ukurasa na karatasi viwe na nuru inayokaribiana. Rangi zinaweza zisilingane, karatasi ikawa na umanjano kidogo. Usihangaike nayo, unachopima ni nuru. Usiku chini ya taa ya sebuleni kitelezi kitashuka sana, mpaka utadhani umekosea. Hariri hapohapo, na usikiguse tena hadi umalize.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo kwa hali ya hewa yetu hutokea sana: kuhariri nje, juani. Mtu ameketi bustani ya Mama Ngina, Mombasa, saa sita mchana, kioo cha simu kinarudisha mbingu nzima usoni pake. Mng'ao ule hulala juu ya sehemu za giza na kuzifuta, hata kama simu imejipandisha taa hadi mwisho. Anaona picha haina uhai, anapandisha kivuli, anapandisha mwangaza. Jioni akiingia ndani, buibui limekuwa la kijivu kama vumbi na uso wa bibi harusi umepauka. Anayehariri gizani simu ikiwa imefifishwa sana huangukia kosa hilohilo. Juani usihariri kabisa. Chagua picha, zipange, lakini vitelezi viache.

Sasa itazame picha kwenye kifaa cha pili. Kazi yake ni kukuambia unachokiona ni cha picha au ni cha skrini yako. Kikiwa simu ya aina ileile iliyowashwa yote, hakikuambii kitu. Kinachofaa ni kilicho tofauti: simu ya bei nafuu yenye skrini ya LCD, au laptopu. Mpelekee mwenye simu hiyo faili lenyewe, kwa WhatsApp ulitume kama dokumenti ili lisibanwe. Kubanwa hakubadilishi mwangaza sana, ila hukoroga sehemu za giza ziwe na vipande vipande, ukadhani ni kosa lako. Kifaa hicho nacho kipimwe kwa karatasi. Laptopu itazame ikiwa imekuelekea sawasawa, maana skrini nyingi za bei ya chini hubadilika ukiinamisha kifuniko hata kidogo.

Usitazame picha nzima kwa pamoja. Tazama mahali patatu: pale palipo giza zaidi unapotaka kitu kionekane, yaani mkunjo wa buibui, pale peupe zaidi, yaani nakshi ya kanzu, na ngozi ya uso. Mkunjo ukipotea kwenye vifaa vyote viwili, picha inataka kurekebishwa. Ukipotea kwenye kimoja tu, uko ukingoni, na karatasi huenda ikaumeza, kwa hiyo pandisha kivuli kidogo. Ukionekana kwenye vyote kwa taa ya kadiri, uko salama. Anayetuma mtandaoni tu anahitaji ukaguzi huohuo, kwa kuwa mmoja ataifungua picha kwenye kivuko cha Likoni juani na mwingine kitandani taa zimezimwa.

Kuliko kifaa chochote, kipimo ninachokiamini zaidi ni picha ya zamani iliyoprintiwa ikatoka vizuri, ambayo faili lake bado unalo. Ishike mkononi, fungua faili lake, kisha ulitazame kando ya faili jipya kwenye skrini hiyohiyo. Kama jipya ni jeusi kuliko lile, litatoka jeusi kuliko ile karatasi. Skrini iwe imekosea vipi, imekosea kwa yote mawili.

Lipo jambo moja ambalo ukaguzi huu hauwezi kulitatua. Simu nyingi mpya hupiga picha za HDR, na kwenye galari zenyewe huongeza taa ya skrini sehemu nyeupe tu, hivyo kanzu humetameta kuliko ukurasa mweupe wa simu. Ziada ile haiendi kwenye karatasi, na kwenye kifaa kisicho na HDR haionekani. Kwenye iPhone izime kwa `Settings > Apps > Photos > View Full HDR`, ndipo uihukumu picha.

Kabla ya kuprinti albamu au picha ya ukutani, toa moja ya inchi 4 kwa 6 kwanza. Faili liwe na angalau pikseli 1200 kwa 1800. Mwambie fundi aprinti bila kurekebisha, kwa sababu mashine nyingi za studio hujirekebishia mwangaza zenyewe: zikiona buibui jeusi limejaa hudhani picha ni giza na kuipandisha, na siku ile nyingine ya kanzu nyingi huishusha. Ukiipokea, itoe mlangoni uitazame kivulini, si chini ya taa za kaunta wala juani. Ikiwa bado giza, pandisha mwangaza kidogo kwenye faili, si kwenye simu, utoe nyingine ya ukubwa uleule kabla hujaagiza kubwa.