Jumla imelingana, deni limekosewa

Je, jumla ya madaftari ikilingana na ya mashine mpya ya kutunzia hesabu, bado kuna mteja anayeweza kuwa amekosewa hesabu?

Anaweza, na si mmoja. Mimi niliapa kwamba haiwezekani, hadi tulipohamisha madaftari ya miaka sita ya depo moja ya saruji huku Kadutu, Bukavu, pamoja na faili za Excel zilizotawanyika kwenye kompyuta tatu. Hatukuandika upya kila ununuzi wa zamani. Tulifunga hesabu tarehe 31 Desemba, kisha tukaingiza salio la kila mteja, dola peke yake na faranga peke yake. Upande wa dola, madaftari yalisema 18,640 na mashine ikasema 18,640. Tukanywa soda.

Wiki ya pili akaja mama mmoja anayejenga nyumba, kadaftari kake mkononi. Kwake deni lilikuwa dola 120, kwa mashine 210.

Jumla ni kama mizani ya gunia la maharagwe: inasoma uzito, haioni kwamba mtu ametoa vikombe viwili akarudisha mawe ya uzito uleule. Zile 90 za mama zilikuwa na mawe yake. Fundi mmoja aliyedaiwa 45 aliandikwa kama aliyelipa avansi ya 45. Kosa la upande huhesabiwa mara mbili: deni lake limetoweka, na juu yake amepata mali asiyoiweka. Ongeza 90, punguza 90.

Dawa ni kutenganisha wanaodaiwa na waliolipa mbele. Hata mpango wa hesabu wa OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ambamo Kongo imo, huwaweka mbali, akaunti 411 na 419. Kwenye Excel ya Kifaransa, masalio yakiwa safu ya D, madeni chanya na avansi hasi:

```
=SOMME.SI(D2:D313;">0")
=SOMME.SI(D2:D313;"<0")
```

Madaftari yalikuwa na madeni 19,900 na avansi 1,260. Mashine ilikuwa na 19,945 na 1,305. Pande zote mbili zilizidi 45, basi tukatafuta avansi ya 45, tukamkuta fundi. Alipohamishwa, avansi zikalingana, na madeni yakabaki yamezidi 90. Tofauti inayogawanyika kwa 9 hunong'ona kwamba tarakimu zimebadilishana nafasi, na 90 huelekeza kwenye mamia na makumi yanayopishana kwa moja: 120 na 210. Ni mnong'ono tu, maana tofauti moja kati ya tisa hugawanyika hivyo kwa bahati.

Na kuna kosa ambalo hata hesabu hizi hazilioni: wateja wawili wa jina moja waliobadilishana madeni. Hapo unachapisha salio la kila mtu na kumwomba alinganishe na kadaftari kake, kabla madaftari ya zamani hayajaondoka rafuni. Kungoja walalamike hakutoshi. Mama alikuja mbio. Yule fundi wa avansi hakuja kamwe.