Ufikio wa kidole gumba: kwa nini gemu ya simu hukuchosha kwenye kishikwambi

Ufikio wa kidole gumba ni eneo la kioo ambalo kidole hicho kinaligusa bila wewe kubadilisha mshiko. Kwenye simu hulifikirii kabisa, kwa sababu karibu kila kitufe kimo ndani yake. Ukihamia kwenye kishikwambi cha inchi 11, gemu ni ileile, akaunti ni ileile, lakini unachelewa kufyatua na baada ya nusu saa shina la kidole gumba linauma.

Sababu ni kwamba gemu nyingi hupanga vitufe kwa asilimia ya kioo, si kwa sentimita. Chukua kitufe cha kuruka kilichowekwa robo ya upana kutoka ukingo wa kulia, na nusu ya kimo kutoka chini. Simu ya inchi 6.5 yenye uwiano wa 20:9 ina upana wa sentimita 15 na kimo cha karibu 7 ikilazwa. Kitufe hicho kiko sentimita 5 hivi kutoka kona ya chini, na kidole kinakifikia kwa kujipinda kidogo tu. Kishikwambi cha inchi 11 chenye uwiano wa 16:10 kina upana wa karibu sentimita 24 na kimo cha 15. Kitufe kilekile, kwa asilimia zilezile, sasa kiko sentimita 9 na nusu kutoka kona. Kioo kimekua, kidole hakikukua.

Utasema basi nipandishe mkono. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, kwa sababu kifaa cha karibu nusu kilo ukikishika kwenye kona za chini kinataka kuangukia mbele. Lakini ukishika katikati ya ubavu, joistiki iliyo kona ya chini inabaki chini zaidi ya pale kidole kilipo, na unalazimika kukikunja kurudi kiganjani. Huko ndiko maumivu yanakoanzia.

Kuvutika kwa picha ni tatizo jingine, ingawa watu huyachanganya. Gemu iliyochorwa kwa 20:9 ikikutana na kioo cha umbo tofauti, inaweza kuacha mistari myeusi, inaweza kujipanga upya, au inaweza kujivuta ijaze kioo. Kuitambua ile iliyojivuta ni rahisi: tazama duara la joistiki. Likiwa kama yai, picha imevutwa. Gemu iliyotengenezwa vizuri haivuti kitu. Hufunga vitufe kwenye kona na kuacha kamera ionyeshe zaidi. Ndiyo maana wachezaji wa PUBG Mobile wanapenda kioo cha 4:3, kwani wanaona zaidi juu na chini.

Simu ya kukunja inashangaza zaidi. Kioo cha ndani cha inchi 7.6, chenye umbo linalokaribia mraba, kina upana wa karibu sentimita 15, sawa na simu ya kawaida iliyolazwa. Kilichoongezeka ni kimo, karibu maradufu. Gemu ya 20:9 ikijivuta humo, duara la sentimita 1 linakuwa na kimo cha karibu 1.9. Ikiacha mistari myeusi, kila mstari una kimo cha karibu sentimita 3, na gemu inabaki na ukubwa uleule wa simu. Watu huichukia ile mistari, lakini kwa gemu za kufyatuana mimi naiacha: unapandisha mshiko sentimita 3 na vitufe vyote viko pale vidole vilipovizoea. Tena, ukikunjua simu katikati ya mechi, gemu nyingine hubaki na vipimo vya kioo cha nje. Kunjua simu kwanza, ndipo ufungue gemu.

Kwa kishikwambi, dawa ni kupima ufikio wako mwenyewe. Mpwa wangu nilimfanyia hivi: tulifungua programu ya kuchorea, akashika kifaa kama anavyoshika akicheza Free Fire, halafu akazungusha kila kidole gumba mpaka kikomo bila kujinyoosha. Yalitokea matao mawili. La kulia liliishia sentimita 6 kutoka ukingoni, na kitufe chake cha kuchuchumaa kilikuwa 8. Tuliyapima kwa rula, tukaingia `Custom HUD` kwenye mipangilio, tukavuta vitufe vya mapambano vyote ndani ya matao, na joistiki tukaipandisha hadi usawa wa mshiko wake wa katikati ya ubavu. Ramani na begi tuliviacha mbali, maana havihitaji haraka.

Usivikuze vitufe kwa kuwa kioo ni kikubwa. Kitufe kikubwa kinakula nafasi ndani ya tao, na kingine kinasukumwa nje. Upana wa sentimita 1 hadi 1.5 unatosha kidole gumba cha mtu mzima. Tao pia hubadilika: ukiweka kifuko kinene au ukiegemeza kifaa mezani, mshiko si uleule, na itabidi uchore tena.