Kabla ya Mtihani wa Kazi ya Mbali, Muulize Afisa Ajira Kuhusu Mkataba na Sarafu

Tangazo la kazi ya mbali kutoka kampuni ya nje mara nyingi hutaja kiasi kimoja tu, tuseme dola 2,400 kwa mwezi, kisha likanyamaza kuhusu mambo mawili yanayoamua utakachokipata mkononi. La kwanza ni hadhi yako kisheria mbele ya kampuni hiyo. La pili ni sarafu. Barua pepe moja fupi kwa afisa ajira inaweza kuleta majibu ya yote mawili, mradi iulizwe kwa namna isiyomwachia nafasi ya kujibu "ndiyo, tunalipa kwa dola" na mazungumzo yakaishia hapo.

Wakati unaofaa kuituma ni pale anapokujibu kwa mara ya kwanza au anapokualika kwenye mazungumzo ya awali, kabla hujaanza mtihani wa kazi. Ukiuliza ndani ya barua ya maombi, bado hakujui na hana sababu ya kukutafutia majibu. Ukingoja hadi upewe ofa, kiasi kimeshaidhinishwa na watu wa fedha, na kukibadilisha kunamlazimu arudi kwao upya. Angalia pia unamwandikia nani. Afisa aliye ndani ya kampuni anaweza kuuliza idara yake na kurudi na jibu siku hiyohiyo. Wakala wa ajira aliyekodiwa na kampuni huenda hajui, maana mkataba si wake. Huyo mwombe alipeleke swali lako kwa kampuni, usimlazimishe kukisia.

Swali la mkataba lina asili yake. Ili kampuni ikuajiri moja kwa moja, kwa kawaida hutakiwa iwe imesajiliwa kama mwajiri katika nchi unayoishi, ikate kodi kwenye mshahara na kupeleka michango ya hifadhi ya jamii. Kampuni nyingi haziko tayari kufanya hivyo kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo hubakia na njia mbili. Moja ni kumtumia mwajiri wa kati: kampuni nyingine yenye usajili nchini mwako, ambayo ndiyo inasaini mkataba wa ajira na wewe, inakulipa na kukukata kodi, wakati kazi zako za kila siku unapangiwa na kampuni iliyokutaka. Njia ya pili ni kukuchukua kama mkandarasi wa kujitegemea. Hapo unatuma ankara kila mwezi, unalipwa kiasi kizima, na kodi, bima, akiba ya uzeeni na siku za kuugua vinakuwa juu yako.

Maneno yanayowapoteza watu wengi ni "muda kamili". Kwenye tangazo yanahusu saa za kazi tu. Unaweza kufanya kazi saa 40 kwa wiki kwa miaka mitatu ukiwa mkandarasi, bila siku moja ya likizo yenye malipo. Kwa hiyo usiulize kama kazi ni ya muda kamili, uliza ni nani atakayesaini mkataba upande wa pili. Jibu likiwa ni jina la kampuni yenyewe na hakuna makato yanayotajwa, karibu hakika wewe ni mkandarasi. Kampuni ya Marekani ikikutaka ujaze fomu ya kodi ya W-8BEN, hiyo nayo ni dalili kwamba inakuhesabu mtoa huduma aliye nje ya nchi hiyo.

Kuwa mkandarasi si kasoro, lakini kiasi chake hakilinganishwi ana kwa ana na mshahara. Dola 2,400 kupitia mwajiri wa kati ni kiasi ghafi kitakachokatwa, na nyuma yake mwajiri anaongeza michango yake mwenyewe. Dola 2,400 za mkandarasi ndizo zote, na ndani yake ulipie vyote. Kuna jambo moja zaidi ambalo maafisa ajira hawalisemi mara nyingi: bajeti ya nafasi inaweza kuwa imejumlisha ada ya mwajiri wa kati na michango hiyo. Ukisikia "dola 2,400 ni gharama yetu yote", mshahara wako ghafi utakuwa chini ya hapo.

Sasa sarafu, na hapa ndipo swali linapohitaji kugawanywa. Kuna sarafu ambayo malipo yamepangwa nayo ndani ya mkataba, na kuna sarafu inayoingia kwenye akaunti yako. Zinaweza kuwa tofauti. Mkataba unaweza kutaja dola na malipo yakaingia kwa sarafu ya nchi yako, kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya malipo. Hapo umelindwa: sarafu yako ikishuka, unapokea vipande vingi zaidi vya sarafu hiyo. Lakini mkataba wa mwajiri wa kati mara nyingi huandikwa kwa sarafu ya nchi yako, kwa kuwa sheria za nchi nyingi hutaka mshahara wa ajira ulipwe hivyo. Ofa inazungumzwa kwa dola, kisha siku ya kuandika mkataba inageuzwa mara moja na kubaki palepale. Chukua kiwango cha kubuni cha vipande 100 kwa dola moja: dola 2,400 zinaandikwa kuwa 240,000. Mwaka ukipita na dola ikafika vipande 120, bado unapokea 240,000, ambazo sasa ni dola 2,000. Hakuna aliyevunja mkataba. Swali la tarehe ya kiwango ndilo halikuulizwa.

Kwa mkandarasi, hatari iko kwenye safari ya fedha. Malipo ya benki kwa benki kupitia mtandao wa SWIFT huweza kupita benki moja au mbili za kati, na kila moja inaweza kukata ada yake. Anayetuma huchagua nani abebe ada hizo: OUR maana yake mtumaji analipa zote, SHA kila upande unalipa ada za upande wake, BEN mpokeaji anabeba zote. Kampuni nyingi hutumia SHA bila kufikiria. Tuchukue mfano: ankara ni dola 2,400, benki ya kati ikakata 20 na benki yako ikakata 15 kwa kupokea. Zimebaki 2,365. Kisha benki yako inabadilisha kwa kiwango kilicho asilimia 2.5 chini ya kiwango cha soko, na hapo zinapotea kama dola 59 nyingine, ambazo haziandikwi popote kama ada. Umebaki na thamani ya dola 2,306. Tofauti ni dola 94 kila mwezi, au 1,128 kwa mwaka, karibu nusu ya malipo ya mwezi mmoja. Akaunti ya dola inakuepusha na ubadilishaji wa lazima, ila haizuii ada za benki za kati.

Barua yenyewe iandike kwa lugha ya tangazo, kama jibu ndani ya mazungumzo yaleyale ya barua pepe ili historia ibaki pamoja. Maswali manne yanatosha. Yakizidi hapo, yale magumu ndiyo hurukwa. Yape namba, kwani maswali yaliyofichwa ndani ya aya hujibiwa nusu.

"Habari za kazi. Ninashukuru kwa kunialika kwenye mazungumzo ya awali, na muda uliopendekeza unanifaa. Ili nielewe kiasi kilichotangazwa kabla ya hatua ya mtihani, naomba unisaidie mambo haya:

1. Mkataba utakuwa kati yangu na nani: kampuni yenyewe, mwajiri wa kati, au nitatoa huduma kama mkandarasi kwa ankara?
2. Dola 2,400 ni kiasi ghafi changu, au zinajumlisha michango na ada za upande wa kampuni?
3. Mkataba utataja kiasi kwa sarafu gani, na nitalipwa kwa sarafu gani? Kama ni mbili tofauti, kiwango cha kubadilisha ni cha chanzo gani na cha tarehe ipi?
4. Malipo hutumwa kwa njia gani, siku ngapi baada ya ankara au mwisho wa mwezi, na ada za kutuma hubebwa na nani?

Ikiwa baadhi ya majibu yako kwa idara nyingine, sina haraka, naweza kuyasubiri hadi kabla ya mtihani. Asante."

Barua hii haitaji kiasi unachotaka wala kulalamikia chochote. Majadiliano ya kiasi yana wakati wake, na majibu haya ndiyo utakayoyatumia wakati huo. Ukichanganya yote mawili, afisa atajibu lile la kiasi na kuacha mengine.

Majibu yakija, yasome kwa makini. "Tunaweza kubadilika kulingana na mtu" humaanisha kampuni haijaamua, au haijawahi kuajiri kutoka nchi yako. Jibu kwa swali moja tu: watu walioajiriwa kwa mbali hivi karibuni wamesaini mkataba wa aina gani? "Tunalipa kwa dola" bila zaidi linajibu nusu ya swali la tatu. Rudia ile sehemu ya mkataba. "Siku 30 baada ya ankara" ni kawaida kwa makampuni, lakini hesabu vizuri: ukianza tarehe 1 na kutuma ankara mwisho wa mwezi, malipo ya kwanza yanakuja karibu siku 60 baada ya kuanza kazi. Hapo unaweza kuomba ankara mara mbili kwa mwezi, ombi ambalo hukubalika kirahisi kuliko nyongeza. Kama ni mkandarasi na ada ziko SHA, omba OUR, au omba ruhusa ya kuongeza ada kwenye ankara.

Jibu linalokutaka ulipe chochote, iwe ada ya usajili, kifaa kitakachorudishwa fedha zake baadaye au dhamana ya akaunti, limeshajibu maswali yote manne. Kwa malipo, kampuni halali inahitaji jina lako, namba ya akaunti na utambulisho wa benki. Haihitaji neno la siri wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako, na haiombi hata hayo ya kwanza kabla ya mkataba.

Majibu mazuri kwenye barua pepe nayo yana mpaka. Mikataba mingi ina kifungu karibu na mwisho kinachosema kwamba mkataba huo ndio makubaliano yote na unafuta mazungumzo yaliyotangulia, barua pepe zikiwemo. Kwa hiyo mkataba ukifika, weka barua ya afisa pembeni yake na utafute mambo manne ndani ya maandishi yenyewe: jina la anayesaini, kiasi na msimbo wa sarafu yake kama USD au EUR, tarehe na chanzo cha kiwango, na anayebeba ada. Alama ya dola peke yake haitoshi, maana Kanada na Australia nazo hutumia dola. Lile ambalo halimo, omba liongezwe kabla hujasaini.