Je, wajua kwa nini klampu kali haiponyi mshono mbaya wa meza?

"Fundi alikaza topu ya meza yangu mpaka gundi ikatiririka sakafuni. Miezi mitatu baadaye mbao zimeachana kwenye vichwa na topu imeinuka katikati. Si ni kwa sababu hakukaza vya kutosha?"

Hapana, dada, alikaza, tena sana. Meza ya saiprasi yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa 84, iliyoungwa kwa mbao sita, ililetwa kwenye karakana yetu Kariobangi ikiwa imefunikwa shuka juu ya mkokoteni. Kabla ya kusema lolote niliitenganisha, kwa sababu mshono uliokufa husomeka ukiufungua.

Katikati ya meza mbao zilikataa kuachana. Nilipolazimisha kwa patasi, mbao zenyewe ndizo zilizochanika na gundi ikabaki imeshika nyuzi. Hapo palikuwa pameungwa sawasawa. Lakini sentimita 25 za mwisho, kila upande, ziliachia kama kifuniko cha sufuria. Ndani kulikuwa na ngozi ya gundi, nene, laini, inayong'aa kama kucha, imeganda upande mmoja tu. Gundi ya namna hiyo haikuwahi kuguswa na ubao wa pili ikiwa mbichi, au iliguswa kidogo kisha ikaachwa.

Nikaweka rula ndefu ya chuma kwenye ubavu wa ubao mmoja, nikauinua kuelekea mlangoni. Mwanga ulipita kwenye vichwa vyote viwili, katikati rula ikakaa. Yaani ubavu ulikuwa na tumbo. Fundi aliona nafasi kwenye vichwa, akafikiri klampu itazifunga, na kweli ikazifunga. Shida ni kwamba ubao uliopindwa kwa nguvu haukubali kupindwa. Unabaki ukivuta kurudi ulikotoka, mchana na usiku. Juu ya hilo, kichwa cha ubao hupoteza unyevu haraka kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo ndicho husinyaa kwanza. Mvutano wa kwanza ukakutana na wa pili, mshono ukafunguka.

Ndiyo maana mafundi wa zamani huranda ubavu kinyume cha tumbo. Wanaacha ubonde mdogo katikati, si zaidi ya unene wa karatasi chache kwa ubao wa mita moja na nusu. Ukizisimamisha mbao mbili moja juu ya nyingine, vichwa vinagusana na katikati unaona uzi wa mwanga. Klampu moja ya katikati, ukiikaza kwa mkono mmoja, inafuta uzi huo. Ikihitaji mikono miwili, rudi kwenye randa.

Kuna hila nyingine ninayoipenda kwa kuranda ubavu. Zikunje mbao mbili jirani kama kitabu, nyuso za juu zikitazamana, uzibane pamoja na uzirande mbavu zote mbili kwa pigo moja. Hata kama randa ililala upande kidogo, ukizifungua kosa la huku linajazwa na kosa la kule, na topu inakaa bapa. Ukiranda kila ubao peke yake, nyuzi moja ya pembe ikikosewa mara tano inatosha kuifanya meza iwe kama paa.

Sasa nguvu ya klampu yenyewe. Kazi yake ni kuitandaza gundi iwe utando mwembamba na kuzishikilia mbao zisicheze mpaka igande, basi. Kwa mbao laini kama saiprasi na gundi nyeupe ya kawaida, shinikizo linalofaa ni kuanzia kilo 7 kwa kila sentimita mraba ya mshono. Mbao ngumu kama mvule hutaka karibu maradufu. Inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Mshono wa meza hii una urefu wa sentimita 150 na unene wa 3, yaani sentimita mraba 450. Zidisha kwa 7, unapata kilo 3,150. Klampu ya paipu iliyokazwa vizuri kwa mkono hutoa takriban kilo 450. Kwa hiyo zinahitajika saba.

Hapo ndipo watu huniuliza: mishono ni mitano, si tutahitaji klampu thelathini na tano? La. Nguvu inayoingia ubao wa kwanza hupita yote mpaka wa mwisho, kama watu waliopanga mstari kwenye mlango wa matatu: anayesukuma nyuma anambana kila aliye mbele. Mbao mbili au kumi, klampu ni zilezile. Kinachobadilisha idadi ni urefu na unene wa meza.

Nafasi kati ya klampu nayo ina sababu. Nguvu hutoka kwenye kichwa cha klampu ikitawanyika kama mwanga wa tochi, takriban nyuzi 45 kila upande. Ubao wa pembeni wa meza hii una upana wa sentimita 14, kwa hiyo nguvu ikifika mshono wa kwanza imeshatanda sentimita 14 kulia na 14 kushoto. Klampu saba zikianza sentimita 8 kutoka kichwani huachana kwa sentimita 22 hivi, na miale yake inapishana bila kuacha pengo. Ubao wa pembeni ungekuwa wa sentimita 5, ungeona sehemu zilizobanwa na sehemu zilizosahauliwa, zikifuatana. Ukiwa na mbao za upana tofauti, weka pana pembeni.

Je, unaweza kukaza kupita kiasi? Tunaambiwa gundi yote itasukumwa nje na mshono utabaki na njaa. Kwa saiprasi, utasikia ubavu ukipondeka chini ya kichwa cha klampu kabla gundi haijaisha, ndiyo maana tunaweka kipande cha ubao wa kutupwa katikati. Mishono mikavu niliyofungua mimi karibu yote ilikuwa ya gundi iliyopakwa kiduchu au iliyochelewa. Gundi nyeupe hukupa dakika 5 hadi 10 tu kabla haijaanza kuota ngozi, na Januari jua likiwaka juu ya mabati ya karakana ni chini ya hapo. Klampu ziwe zimeshajaribiwa bila gundi, zimefunguliwa kwa kipimo, zinangoja. Ukikaza, tafuta jasho: matone madogo yaliyolingana mstari mzima. Mahali pasipotoa jasho pana tatizo. Panapomwaga mto, ulipaka nyingi tu, hiyo si sifa.

Ule mgongo wa kobe katikati ya meza ulitokana na jambo lingine. Klampu zote zilikuwa zimelazwa chini ya mbao. Paipu ikibanwa hujikunja kidogo, midomo yake inafunguka juu na kubana chini, topu inanyanyuka. Tia moja chini, inayofuata juu, hivyo hivyo mpaka mwisho, na skrubu ielekee katikati ya unene wa ubao. Kila baada ya klampu mbili pita na rula kwa upana. Ukiona mwanga, legeza ya upande ulioinama, usiongeze ya pili. Paipu za juu ziwekee vipande vya nailoni, maana chuma na gundi mbichi huacha alama nyeusi, hasa kwenye mahogani.

Kuhusu nyuzi, au greni kama tunavyoita mtaani, kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza halina mjadala: mbao zote zielekee urefu mmoja. Ubavu kwa ubavu, nyuzi sambamba, gundi nzuri hushika kuliko mbao zenyewe. Kichwa cha ubao hunywa gundi kama mirija na hakishiki kitu. Pia ubao husinyaa na kuvimba kwa upana, kwa urefu karibu haubadiliki. Meza hii ilikuwa imegongewa ubao wa kukingama kila kichwa, umepakwa gundi na misumari, "ili isipinde". Mbao zilinunuliwa zikiwa na unyevu bado. Ndani ya nyumba Nairobi ubao hutulia kwenye asilimia 12 hivi. Kama ziliingia na 20, upana wa sentimita 84 ulitaka kupungua sentimita moja hivi, na ubao wa kukingama ukakataa. Kitu kilichobaki ni kupasuka kwenye kichwa.

La pili ni pete unazoziona kwenye kichwa cha ubao. Ubao ukikauka, pete hujaribu kunyooka, kwa hiyo kingo hukunjamana kuelekea upande wa gome. Wengi hupokezana: moja gome juu, nyingine gome chini. Hapo kila ubao ukijikunja unapata mawimbi madogo. Ukiyaelekeza yote upande mmoja, unapata upinde mmoja mkubwa, ambao fremu ya miguu inaweza kuuvuta chini. Mimi sibishani sana na pete. Ubao ukiwa mkavu kweli, natazama sura nzuri iwe juu na nyuzi za uso zipande upande mmoja kwa mbao zote. Zikipingana, randa itateleza kwenye ubao mmoja na kung'oa mabaka kwenye wa jirani, nawe utalia na msasa siku nzima.

Meza ya dada tuliikausha wiki nne kwa vipande vya kutenganisha, tukaranda mbavu upya, tukaiunga tena. Upana ukabaki sentimita 81. Gundi iliyotoka tuliiacha nusu saa mpaka ikawa kama jibini, tukaikwangua kwa patasi. Ukifuta kwa kitambaa kibichi inaingia kwenye vinyweleo, na vanishi ikipita inaacha madoa meupeupe. Julai kukiwa na baridi tunaziacha klampu usiku kucha, kwa sababu gundi hii chini ya nyuzi joto 10 hivi hukauka kama chaki. Mbao za kukingama zilihamia chini, zikafungwa kwa skrubu kwenye matundu marefu, ili topu ivimbe na kusinyaa bila kuomba ruhusa.

Dada alitaka irandwe jioni ileile. Nikakataa. Maji ya gundi huvimbisha mbao kandokando ya mshono. Ukiranda leo unakata uvimbe, na wiki ijayo ukikauka kila mshono unazama, mfereji mwembamba unaoushika kwa kucha kabla ya kuuona. Alirudi kuichukua siku ya tatu.