Barua ya Salio la Karo: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mhasibu wa shule ya upili ya umma, ya bweni, magharibi mwa Kenya. Barua za kwanza nilizowaandikia wazazi nakumbuka maneno yake mpaka leo: "Unaarifiwa kuwa mwanao anadaiwa shilingi 24,829. Lipa kabla ya Ijumaa, la sivyo asionekane shuleni." Mstari mmoja, muhuri, basi. Nilidhani ukali ndio unaoleta pesa. Ulileta kimya. Mzazi asiye na pesa akishatishwa huzima simu, na akizima simu huwezi hata kujua kama ana mpango wowote.

Dhana hiyo ilikuwa yangu. Wazazi nao wana zao, na nyingi nilizisikia kwenye dirisha la ofisi muhula baada ya muhula.

"Serikali ilisema masomo ni bure, hii karo ni ya nini?"

Swali la haki. Serikali iliweka kiwango cha shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma, na hizo ndizo za masomo. Kwa anayelala bwenini, mzazi hulipia chakula, malazi na gharama nyingine za kumweka pale. Shule yetu ilikuwa kwenye kundi la shilingi 40,535 kwa mwaka. Kundi la juu, lenye shule za kitaifa, ni 53,554. Kiasi hicho hugawanywa mihula mitatu kwa asilimia 50, 30 na 20. Ndiyo maana Januari huuma sana: kwa kundi letu, senti zikikamilishwa kuwa shilingi, muhula wa kwanza ni 20,268, wa pili 12,161, wa tatu 8,107. Ukiona kwenye barua kitu kisicho katika mchanganuo wa karo ulioidhinishwa, una haki ya kuuliza, na pesa yoyote unayotoa lazima ipewe risiti rasmi. Hilo la risiti limo kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29.

"Barua ikija, mtoto amefukuzwa."

Kifungu hichohicho cha 29 kinasema mtoto wa shule ya umma asikataliwe kuhudhuria kwa sababu ya kushindwa kulipa ada zilizoidhinishwa. Sasa tusidanganyane: sote tumewaona watoto barabarani na masanduku yao wiki ya pili ya muhula. Linatendeka. Lakini mkuu wa shule anayeandika kwa mkono wake "asirudi bila karo" anaweka ushahidi dhidi yake mwenyewe kwenye karatasi, na mzazi anaweza kuipeleka barua hiyo kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Upande wa pili wa jambo hili wazazi wengi hawapendi kuusikia. Mtoto kubaki darasani hakufuti deni. Salio huvuka muhula, huvuka mwaka, na humsubiri siku ya kuondoka. Tena hayo ni ya shule za umma. Shule ya kibinafsi inafuata mkataba uliotia sahihi, kwa hiyo usome tena kile ulichotia sahihi kabla ya kwenda kubishana.

Nilipoacha vitisho, barua yangu ilikuja kuwa hivi:

*Kwa mzazi wa mwanafunzi nambari 4381, Kidato cha Tatu. Hujambo mama. Kufikia tarehe 10 Mei hesabu ya mwanao ni hii. Salio la mwaka jana: 6,400. Muhula wa kwanza: 20,268. Muhula wa pili: 12,161. Jumla: 38,829. Tumepokea 9,000 tarehe 22 Januari, na basari 5,000 tarehe 14 Machi. Salio: 24,829. Ikiwa umelipa pesa usizoziona hapa, njoo na ujumbe wa malipo au tupigie. Ikiwa huwezi kulipa zote kwa sasa, njoo kabla ya tarehe 24 Mei tupange awamu. Mwanao anaendelea na masomo.*

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyobishaniwa sana ofisini. Wengine walisema tukishaandika hivyo hakuna atakayelipa. Kilichotokea ni kwamba watu walianza kuja, kwa kuwa hofu kubwa ilikuwa imeondolewa na tarehe ya kuja ilikuwa imetajwa. Kila barua ilitiwa kwenye bahasha iliyofungwa. Majina hayakusomwa tena kwenye gwaride, maana deni ni la mzazi, na anayechekwa ni mtoto.

"Mimi nilituma. Shule ndiyo haioni."

Mama wa 4381 alikuja tarehe 20 Mei, barua mkononi, amekasirika kwa adabu. "Mwalimu, mwezi wa tatu nilituma elfu sita. Ziko wapi?" Huku kwetu kila anayefanya kazi shuleni ni mwalimu.

Nilimwomba ujumbe wa M-Pesa. Alikuwa nao. Nambari ya biashara ilikuwa sawa, kiasi sawa, tarehe sawa. Lakini mahali pa nambari ya akaunti, ambapo shule huwataka waweke nambari ya usajili ya mwanafunzi, aliandika 4318. Tarakimu mbili zimepishana. Pesa ziliingia kwenye benki ya shule kama kawaida, kisha zikaandikwa kwa kijana wa Kidato cha Nne ambaye babake alikuwa akijishangaa kuona salio limepungua na hakusema neno.

Hapa ndipo dhana inapokosea. Mzazi hakudanganya, na shule nayo haikula pesa. Kwenye taarifa ya benki zipo kabisa, zimekaa tu kwa jina la mwingine. Dawa yake si kukimbilia kuomba mtandao urudishe muamala, maana pesa zimeshafika pale zilipotakiwa. Mhasibu ndiye anayehamisha kwenye vitabu, kutoka 4318 hadi 4381, akitumia ile herufi na tarakimu kumi zilizo mwanzoni mwa ujumbe kama ushahidi. Hizo kumi ndizo mali. Usifute ujumbe, na usituletee picha iliyokatwa juu. Aliyelipiwa na shangazi Nairobi amwombe shangazi amtumie ujumbe ule mzima.

Wengine huandika jina la mtoto badala ya nambari. Tulikuwa na Brian kumi na wanne. Pesa hizo hukaa kwenye akaunti ya muda mpaka mtu aje kuzidai, na zipo zilizokaa mpaka mwenye jina akamaliza Kidato cha Nne.

Kwa mama yule, salio lilishuka papo hapo hadi 18,829.

"Kama huna zote, usiende. Utaaibika."

Hii ndiyo iliyowaumiza wazazi kuliko zote. Mtu ana elfu tatu mkononi, anaona haya kuzileta mbele ya deni la elfu kumi na nane, anazitumia kwa mambo mengine, mwezi unapita. Ofisini, elfu tatu zilizokuja tarehe iliyoahidiwa zina uzito kuliko elfu kumi za "nitaona mwisho wa mwezi". Mkuu wa shule akiuliza ni nani tumngoje, mhasibu huangalia ni nani ametimiza ahadi.

Mama yule hakuwa na mshahara. Alikuwa na mahindi ya msimu uliopita. Shule yenye mamia ya wanafunzi hula mahindi kila siku, kwa hiyo tulipokea, kwa masharti. Bei ilikuwa ya soko la wiki ile: 3,600 kwa gunia la kilo 90. Mwezi wa Mei bei huwa nzuri kwa mwenye kuuza kuliko baada ya mavuno, na nilimwambia hivyo. Gunia lilipimwa kwenye mizani ya stoo, si kwa macho, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha unyevu kilipoharibika, mtunza stoo alitia punje kwenye chupa kavu na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi yanarudi nyumbani kuanikwa.

Magunia mawili, 7,200. Alipewa risiti ya karo ya kiasi hicho, si kikaratasi cha stoo pekee. Mkizoea kuleta kuni au maharagwe, shikilieni hapo: kisichoandikwa kwenye risiti ya karo hakijapunguza deni.

Zikabaki 11,629. Tukaandika barua ya ahadi, nakala mbili, sahihi mbili: 3,000 kila tarehe 5 ya Juni, Julai na Agosti. Hizo ni 9,000. Nilimwonyesha pia lile ambalo wahasibu wengi hulificha ili mzazi asivunjike moyo: 2,629 zitavuka hadi muhula wa tatu, zikutane na 8,107 mpya, na Septemba atadaiwa 10,736. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Afadhali nijue. Kuna ndama."

"Basari imeshapita, deni limeisha."

Jina kutangazwa kwenye orodha ya basari ya eneobunge au ya kaunti ni jambo moja, na pesa kuingia benki ni jingine. Hundi huandikwa kwa jina la shule, ikiambatana na orodha ya wanafunzi, nambari zao na kiasi cha kila mmoja. Baina ya tangazo na hundi huweza kupita miezi. Ikiwa mtoto amehama shule, hundi inakwenda shule ya zamani. Ikiwa nambari ya usajili imekosewa kwenye fomu, tunarudi kwenye hadithi ya 4318. Mzazi afanye nini? Alete nakala ya barua ya kukubaliwa. Mhasibu ataandika pembeni "basari inatarajiwa", na kwenye mpango wa awamu mtaiacha nafasi. Lakini asiiondoe kwenye salio, wala wewe usiiondoe kichwani, mpaka hundi ifike. Ikija pungufu ya ilivyotangazwa, kinachohesabiwa ni kilichoandikwa kwenye hundi.

"Cheti watakizuia mpaka nimalize kulipa."

Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya 2012 inasema cheti kisizuiliwe na mtu wala taasisi yoyote. Deni lidaiwe kwa njia nyingine.

Mama wa 4381 alileta awamu ya Juni tarehe 5. Ya Julai ilichelewa, na siku mbili kabla alipiga simu kusema itachelewa. Ilikuja tarehe 11. Kwenye nambari ya akaunti ilikuwa imeandikwa 4381, na ujumbe ulipoingia alipiga tena kuuliza kama nimeuona.