Pafu halikupasuka, limeachiliwa: kinachotokea ukuta wa kifua unapotoboka

Wengi hudhani kitu chenye ncha kikiingia kifuani, pafu hupasuka kama tairi la pikipiki. Lakini ncha inaweza kuishia kwenye ukuta wa kifua bila kugusa pafu hata kidogo, na pafu bado likanywea. Ukielewa kwa nini, utajua pia jeraha hilo lifungweje, na ni kosa gani dogo linaloweza kumuua mgonjwa aliyefika kituo cha afya akiwa anaongea.

Pafu ni kama mpira uliovutwa: saa zote linataka kusinyaa. Mbavu nazo, zikiachwa peke yake, zingefunguka nje zaidi ya zilivyo. Kati ya hivi viwili vinavyovutana kinyume kuna tando mbili laini za plevra, moja imegandamana na pafu, nyingine imeungana na ukuta wa kifua, na katikati yake mna majimaji mililita chache tu. Hakuna nafasi tupu pale, wala uzi, wala gundi. Kwa kuwa kila upande unavuta kwake na hewa haina pa kuingilia, presha ya hapo katikati hushuka chini ya presha ya hewa ya nje: kama sentimita 5 za maji mtu anapomaliza kutoa pumzi, na 7 au 8 anapovuta pumzi ya kawaida. Ndani ya pafu, mdomo ukiwa wazi na pumzi imetulia, presha ni sawa na ya nje. Hiyo tofauti ya sentimita 5 ndiyo inayolishikilia pafu likiwa wazi. Hakuna kingine.

Jambo hili unaweza kulishika mkononi. Chukua chupa ya plastiki ya soda, toboa tundu dogo karibu na kitako chake, ingiza puto ndani na ulivalishe kwenye mdomo wa chupa. Lipulizie mpaka lijae, kisha uzibe tundu kwa kidole gumba na uondoe mdomo wako. Puto litabaki limejaa, ingawa mdomo wake uko wazi kabisa! Utaona kuta za chupa zimeingia ndani kidogo, kwa sababu puto linazivuta. Sasa ondoa kidole. Hewa inaingia kwa mluzi, puto linanywea, na kuta za chupa zinarudi nje. Picha ya eksirei ya mgonjwa mwenye hewa kwenye plevra inaonyesha mambo hayohayo mawili: pafu limejikunyata kuelekea katikati, na mara nyingi mbavu za upande ule zimeachana kuliko za upande mwingine. Pafu la pili halinywei, kwa sababu kwa binadamu kila pafu lina plevra yake.

Swali moja ni la haki kwetu tunaoishi Goma, mita kama 1,500 juu ya bahari: kama hewa yetu ni nyepesi, je, tundu lina madhara madogo? Hapana. Presha ya hewa hapa ni karibu milimita 640 za zebaki badala ya 760, lakini mwili hupima tofauti tu. Sentimita 5 za maji ni karibu milimita 4 za zebaki, kwa hiyo kwenye plevra mna kama 636, nje 640, na tundu litasawazisha vilevile kama ufukweni. Ambacho ni kidogo kwetu ni akiba ya oksijeni. Hewa ikishalowana njiani kuelekea mapafu, sehemu ya oksijeni ndani yake ni karibu milimita 125 za zebaki hapa, dhidi ya 150 kule chini. Mtu aliyepoteza pafu moja huku kwetu huishiwa mapema.

Tuchukue mgonjwa mmoja wa mfano. Nondo iliyochomoza kwenye mzigo wa chukudu imemchoma kijana upande wa kulia, ikatoka yenyewe, ikaacha tundu la sentimita 2. Bomba kuu la hewa la mtu mzima lina upana wa kama milimita 18. Tundu la ukutani likizidi theluthi mbili za upana huo, yaani milimita 12 hivi, hewa huona njia ya jerahani ni rahisi kuliko ya puani. Kijana anavuta pumzi, kiwambo kinashuka, lakini hewa inaingilia mbavuni na kujaa nje ya pafu. Utaisikia ikinyonywa, na damu kwenye midomo ya jeraha itatoa povu. Anahangaika kupumua, na kadiri anavyovuta kwa nguvu ndivyo jeraha linavyonyonya zaidi.

Kwa hiyo tundu lizibwe mara moja, kwanza hata kwa kiganja chenye glovu. Kisha weka kipande cha plastiki safi, kwa mfano ganda la ndani la kompresi au mfuko wa seromu uliokatwa, kipite kingo za jeraha kila upande. Kibandike kwa sparadra pande tatu, wa nne uachwe wazi. Akivuta pumzi, plastiki inanyonywa na kuziba. Akitoa, hewa iliyonaswa inapenya upande ulio wazi. Kompresi peke yake haitoshi, kwa maana hewa hupita kwenye nyuzi zake. Kama kitu kilichomchoma bado kimo kifuani, usikichomoe, kishikize kisitikisike.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni kuziba pande zote nne halafu kumwacha mgonjwa. Nondo ikiwa imelichana pafu pia, hewa itaendelea kuvuja kutoka pafuni bila pa kutokea. Presha ya plevra itavuka ile ya nje, itausukuma moyo upande wa pili na kuzuia damu kurudi moyoni. Hata pande tatu zinaweza kugeuka nne damu ikiganda kwenye upande ulioachwa. Basi mapigo yakienda mbio, presha ya damu ikishuka, upande wa jeraha ukilia kama ngoma unapougonga kwa kidole na sauti ya pumzi isisikike, inua plastiki kwanza. Mara nyingi hewa itatoka kwa mlio na mgonjwa ataanza kupata nafuu palepale. Usingoje mishipa ya shingo ivimbe, maana aliyepoteza damu nyingi havimbi. Usingoje eksirei pia.

Tiba yenyewe ni drene, yaani mrija wa kutoa hewa na damu kifuani, ambao huingizwa kwa tundu jipya, kamwe si kupitia jerahani: nafasi ya nne au ya tano ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, ukipita juu ya ubavu kwa kuwa mishipa hujificha chini yake. Mwisho wa mrija unazama sentimita 2 kwenye maji safi ya bokali. Ukizama 10, hewa itahitaji presha ya sentimita 10 ili itoke. Ukiwa juu ya maji, umefungua tundu lingine. Maji ndani ya mrija yanapanda mgonjwa akivuta pumzi na kushuka akitoa, na hapo unaiona presha ya plevra kwa macho. Yakitulia tuli, ama pafu limefunguka lote, ama mrija umekunjika au umezibwa na damu. Sikiliza kifua ndipo uamue.

Mtu anayekazana kupumua anaweza kuvuta maji makumi ya sentimita juu, ndiyo maana bokali hukaa chini, karibu mita moja chini ya kifua. Safarini hapo ndipo mambo huharibika. Anapopandishwa kwenye boti ya kwenda Bukavu, mtu hubeba bokali begani au kuiweka tumboni mwa mgonjwa, na maji yanarudi kifuani. Mwingine, kwa nia njema, hubana mrija ili maji yasimwagike. Kama mapovu bado yanatoka, kuubana ni sawa na kuziba pande zote nne. Acha mrija wazi, funga bokali wima kwenye sakafu ya boti, na mtu mmoja akae akiyaangalia maji.