"Wachezaji wanastaafu na miaka 28": hesabu inayonichosha

Wiki hii tena wakala kaniletea faili la eksel, kachukua umri wa waliotundika daluga, kagawanya, kapata 28, basi mteja wake wa miaka 27 keshaambiwa ajiandae kuuza duka. Jamani, na wale ambao bado wanacheza umewaweka wapi??

Tuseme wako 10, wote walianza ligi wakiwa na miaka 20. Mmoja kaacha akiwa na 24, mwingine 28, mwingine 33. Saba bado wako uwanjani: wawili wana miaka 26, wawili 30, watatu 34. Wastani wa walioacha ni 28 na kidogo, ila hao ni watatu tu, tena ukiwaangalia walioacha peke yao lazima umri uonekane mdogo maana wanaodumu bado hawajaingia kwenye hesabu.

Njia sahihi ni ya wanatakwimu Kaplan na Meier, ya tangu 1958. Kila mtu anapoacha unauliza, muda huo walikuwepo wangapi wa kuweza kuacha? Kwa 24 walikuwa 10, wakabaki 9, hiyo ni 0.9. Wale wawili wa miaka 26 tunawatoa hapo hapo, hawajaacha, ila mbele ya 26 hatujui chochote kuwahusu. Kwa hiyo kwa 28 wako 7, anaacha mmoja, unazidisha 0.9 kwa 6/7 unapata 0.77. Wa 30 nao wanatoka, kwa 33 wako 4, anaacha mmoja, 0.77 kwa 3/4 inakuja kama 0.58. Yaani nafasi ya kuendelea kucheza kupita 33 ni asilimia 58, wewe ulikuwa unamzika mtu akiwa na 28.

Kuna na wale wa "si saba kati ya kumi bado wapo, basi ni asilimia 70". Hapana, hapo umempa kijana wa 26 sifa ya kufika 33 wakati hajafika.

Halafu hiyo 58 ni ya anayeanza na 20. Mteja wako akishafika 32 anacheza, nafasi yake ya kupita 33 ni 3/4, asilimia 75, na ukienda kujadili mkataba hiyo ndo namba ya kubeba.

Waliochelewa kuingia je? Vardy kaingia Ligi Kuu England 2014 akiwa na 27. Ukimhesabu kwenye ligi hiyo tangu 20 umejaza watu ambao wasingeweza kuondoka, maana hawakuwepo, na mstari wa nafasi ya kuendelea kucheza kila umri unapanda bure. Anaanza kuhesabiwa kwenye 27, basi.

Na msinitajie Miura wa Japani, aliyecheza hadi kupita miaka 50. Mkiani mwa mstari wanabaki watu wawili watatu, mmoja akiacha unaporomoka vibaya, ndo maana mimi mchoro usioandikwa chini idadi ya waliobaki kila umri siusomi kabisa.